Mpira Uliozibwa Mishono

Watu wa Malaba waliipa frikiki yangu jina. Waliiita magendo. Mpira unatoka mguuni kwangu, unaenda nje kabisa ya ukuta wa wachezaji kama mtu asiye na haja na goli, halafu unapinda na kuingia ndani kipa akiwa bado anautazama. Haupiti getini, unazunguka, ndivyo walivyosema, kama mifuko ya kahawa iliyokuwa ikivuka mto chini ya daraja wakati malori yenye karatasi zote yamepanga foleni hadi nje ya mji. Hakukuwa na sifa kubwa kuliko hiyo mpakani. Nilikuwa kijana wa bodaboda, na mtu akipaza sauti barabarani, "Magendo, nivushe," nilijua anataka baiskeli yangu na pia anakumbuka goli langu la Jumapili iliyopita.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Bodaboda wakati ule ilikuwa baiskeli tu, kiti cha nyuma kimeshonewa sponji, na kazi yenyewe ni kubeba watu na mizigo kutoka kizuizi cha Kenya hadi kizuizi cha Uganda. Kazi hiyo inajenga miguu. Hilo ndilo jema pekee ninaloweza kusema juu yake.

Timu yetu ilikuwa ya vijana wa baiskeli pamoja na makarani wa ofisi za kutoa mizigo forodhani. Mwenyekiti alikuwa wakala mmoja wa forodha, mnene, mwenye redio ya mawasiliano kiunoni hata akiwa msalani. Kocha alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari ya pale karibu. Yeye sikumchukia. Nataka hilo lieleweke mapema, maana nitamsema vibaya. Nilimpenda kuliko nilivyowapenda wajomba zangu, na kwa nini nisimpende? Ndiye mtu wa kwanza aliyeniambia kwamba ninachofanya kina sababu.

Kabla yake nilijua tu kwamba nikiupiga mpira kwa ndani ya mguu wa kulia, nikaugusa ubavu wake wa kulia badala ya katikati, unapinda kwenda kushoto. Mwalimu alinikalisha kwenye nyasi siku moja baada ya mazoezi, akauweka mpira kati yetu na kuuzungusha polepole kwa vidole. Akasema mpira unaozunguka haupiti hewani peke yake, unaburuta na ngozi nyembamba ya hewa iliyougandia. Upande wa kulia, ule unaozunguka kwenda mbele, unagongana na hewa inayokuja, hewa inapunguzwa mwendo, presha inapanda. Upande wa kushoto unakimbia pamoja na hewa inayopita, hewa inaharakishwa na kung'ang'ania mpira hadi nyuma zaidi, presha inashuka. Basi mpira unasukumwa kutoka kwenye presha kubwa kwenda kwenye presha ndogo. Na ukiangalia nyuma yake, akasema, hewa yote inayoachwa nyuma inatupwa kulia, na mpira kwa kulipiza unajitupa kushoto.

Nilimuuliza kama ningeweza kupata presha zaidi. Alicheka sana. Alisema nizidishe mzunguko, si hasira. Tangu siku hiyo nilifanya mazoezi kama mtu aliyepewa ufunguo. Jioni, abiria wakipungua, nilikuwa peke yangu uwanjani na mpira wa timu, na nilijua nauomba upepo kitu gani.

Mpira wenyewe ulikuwa mmoja tu wa maana. Wa ngozi, vipande thelathini na viwili, vingine vya pembe tano na vingine vya pembe sita, umeshonwa kwa mkono, na mishono yake ilikuwa imezama kiasi cha kuweka ukucha ndani. Ulikuwa umezeeka. Mvua za Aprili zikianza ulikuwa unakunywa maji kwenye mishono, na baada ya nusu saa ukiupiga kichwa unaona nyota. Kila mtu alilalamika isipokuwa mimi. Mpira huo na mguu wangu vilikuwa vimezoeana.

Sasa kulikuwa na mechi ya kila mwaka ya Jumatatu ya Pasaka, upande wetu wa daraja dhidi ya upande wa Uganda. Kwa kawaida ilikuwa mechi ya kelele na soda. Mwaka ule mwenyekiti akatangaza kwamba atakuja mgeni, mtu wa timu ya kiwanda kimoja cha sukari. Timu ya kiwanda ilikuwa kwenye ligi, lakini ligi haikuwa jambo. Jambo ni kwamba ukichezea kiwanda unaajiriwa kiwandani. Unapewa ovaroli, nyumba ya bati yenye sakafu ya simenti, na hata goti likifa baadaye unabaki kuwa mfanyakazi. Mwenyekiti alinivuta kando na kuniambia mgeni ameambiwa habari za frikiki yangu, anakuja kuiona hiyo tu, na akiiona mara moja naondoka naye. Nilimwambia mama. Mama akaanza kuwaambia majirani mahali nitakapokuwa nalala, kana kwamba ameiona hiyo nyumba.

Wiki hiyo mvua ilinyesha kila alasiri. Mwalimu, ambaye alifikiria kila kitu, alifikiria na hili: mpira ukilowa utakuwa jiwe na kijana hataweza kuuzungusha. Akauchukua akaupeleka kwa fundi viatu aliyekaa nje ya soko, akamwagiza azibe mishono isinywe maji. Fundi akayeyusha mshumaa, akachanganya nta na gundi ya soli, akajaza kila mfereji kwa kijiti na kuusawazisha kwa kisu. Halafu, kwa kuwa kulikuwa na mgeni, mwenyekiti akatoa rangi ya mafuta iliyobaki walipopaka milango ya ofisi yake, na mpira ukapakwa nyeupe, ukakauka, ukapakwa tena, na tena. Ulitundikwa ofisini kwa mwenyekiti ndani ya wavu, ukikauka, na watu walipita kuutazama. Ulikuwa laini kama yai. Mwalimu mwenyewe alikuja akaupapasa na kusema sasa mvua inyeshe inavyotaka.

Hatukuupiga hadi siku ya mechi, kwa sababu rangi ilikuwa bado inanata. Tulifanya mazoezi na mpira wa zamani wa shule uliochanika.

Jumatatu hiyo uwanja ulijaa hadi kwenye ua wa michongoma. Waganda walikuja na ngoma zao na mandazi yao makubwa. Mgeni alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mwenyekiti, miwani, mguu juu ya mguu. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na kukatika. Mpira uliporuka hewani mara ya kwanza niliona una mwendo wa ajabu, unayumbayumba kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake, na makipa wote wawili waliudaka kwa shida. Nikasema moyoni ni upya wa rangi. Sikuwa na sababu ya kufikiri zaidi.

Walitufunga goli moja kabla ya mapumziko, la kurukaruka, la aibu. Muda si muda tukapata frikiki, kidogo upande wa kulia wa goli, mahali penyewe ambapo ningepachagua mimi. Ukuta wao ulifunika mlingoti wa kulia. Nikaupiga kama siku zote, nje ya mtu wa mwisho wa ukuta, nikisubiri uanze kurudi kushoto. Haukurudi. Ulienda moja kwa moja ukapita mlingoti mbali kabisa. Watu waliguna. Niliangalia kiatu changu, nikaona tope, nikalilaumu tope.

Ya pili ilikuja dakika za mwisho, karibu palepale. Nilisimama juu ya mpira huo mweupe na kujiambia niuzungushe kuliko nilivyowahi. Nilisikia mguso, na mguso ulikuwa mzuri, hilo nitaliapia mbele ya kasisi yeyote. Mpira ulipita nje ya ukuta, ukaenda, na badala ya kurudi kushoto ukainama kulia. Ulipinda kwenda nje! Ukatoka karibu na kibendera cha kona. Kipa wao alicheka hadi akashika magoti. Mimi nilibaki nimesimama na mikono kiunoni, sijui kama ninaota, na nilipogeuka niliona kiti cha plastiki kando ya mwenyekiti kimebaki kitupu. Yule mgeni alikuwa anatembea kuelekea gari lake, polepole, kama mtu aliyemaliza kazi.

Filimbi ya mwisho ilipolia neno lilikuwa limeshaanza kuzunguka uwanjani. Mtu anayeweza kuupindisha mpira kuingia, walisema, ndiye huyohuyo anayeweza kuupindisha kutoka. Mwingine akakumbuka kwamba siku mbili kabla nilimbeba nahodha wa Waganda kwenye baiskeli yangu hadi kizuizini kwao. Ni kweli nilimbeba. Nilibeba yeyote aliyekaa kwenye kiti. Lakini jioni hiyo nikipita barabarani kijana wa baiskeli kama mimi alinitemea mate karibu na gurudumu na kuniita magendo, na kwa mara ya kwanza neno hilo lilikuwa na maana yake ya kweli.

Kamati ilikaa wiki iliyofuata katika ofisi ya mwenyekiti, ile yenye milango myeupe. Niliitwa nikasimama. Nilisema sikula pesa ya mtu, na kwamba mpira haukwenda nilikoutuma. Mmoja wao, karani mzee aliyenihurumia kidogo, akamgeukia Mwalimu na kumuuliza kama huenda mpira ulikuwa na kasoro, maana yeye aliuona ukiyumba. Mimi pia nilimgeukia. Katika chumba kile ni yeye peke yake aliyeweza kusema jambo kuhusu hewa na asichekwe.

Mwalimu alitazama mikono yake. Akasema, "Mpira ni mpira tu, mzee."

Basi wakanifukuza kwenye timu. Hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba mwenyekiti alikuwa wakala, na mawakala ndio waliowapa vijana wa baiskeli mizigo ya kuvusha, na mizigo ikakauka kwangu kama kisima. Abiria wa kike hawakutaka kubebwa na msaliti. Mama aliacha kwenda kwenye chama cha wanawake kanisani kwa sababu walikuwa wakinyamaza akiingia. Alinyamaza na yeye. Hakuwahi kuniuliza kama nilikula hiyo pesa, na nilimchukia kwa kutokuuliza, na nikajichukia kwa kumchukia.

Nilihamia Busia. Kule nako kuna mpaka na kuna baiskeli, lakini nyuso ni nyingine. Nilibeba watu, baadaye nikafungua kibanda cha spea za baiskeli, nikaoa mwanamke wa ziwani, kutoka Osieko, tukapanga nyumba Mundika. Mpira sikuugusa tena. Wakati mwingine, nikiwa peke yangu kibandani, mguu wangu wa kulia ulikuwa unafanya ule mzunguko wenyewe chini ya meza. Nitasema jambo ambalo sikumwambia mtu: kufikia hapo nilikuwa nimeanza kuwaamini. Nilianza kufikiri kwamba labda kuna kitu kiovu ndani yangu kilichoogopa ile nyumba ya bati, kikaupiga mpira nje makusudi bila kuniambia. Ukiambiwa jambo na mji mzima, na mguu wako mwenyewe ndio shahidi wao, utakaa na nani upande wako?

Miaka ikaenda. Mdogo wa mke wangu akaja kukaa nasi ili asome sekondari moja njia ya Alupe. Msichana mchangamfu, mwenye maneno mengi, anayekula samaki na kuongea bila kukwamwa na mwiba hata mmoja. Hakujua lolote kuhusu Malaba. Mke wangu mwenyewe alijua tu kwamba niliwahi kucheza.

Jioni moja tulikuwa tunakula, naye akaanza kusimulia kwamba wana mwalimu mpya wa fizikia, amehamishwa kutoka huko Malaba, mzee wa vituko. Leo, akasema, amewafundisha kwa nini mpira hupinda, akawatoa nje na mipira miwili. Mmoja wa kawaida wenye mishono, wa pili ule wa plastiki laini wa kuchezea watoto. Akampa kijana mmoja aipige yote namna moja, kwa nguvu. Wa mishono ulipinda kushoto. Ule laini ulipinda kulia.

Niliweka tonge chini. Nikamwambia aseme tena.

"Shem, hata sisi tulishangaa," akasema. "Mwalimu anasema ni mishono. Mishono ndiyo inachafua ile hewa iliyogandia mpira, ikichafuka inashika mpira vizuri pande zote mbili. Sasa ukiwa laini, hewa inachafuka upande mmoja peke yake, ule unapigana na upepo, kwa sababu huko ndiko mwendo ni mkubwa. Upande ule mwingine inabaki imetulia, inaachilia mapema. Kwa hivyo kila kitu inageuka. Lakini anasema ni kwa mwendo fulani tu, ukiupiga polepole hauoni."

Alinichorea kwa kidole kwenye meza, duara na mishale. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeelewa. Kisha akaongeza, kama kiungo cha mwisho cha hadithi, kwamba mwalimu aliwaambia jambo hilo aliliona kwa macho yake Malaba, zamani. Kulikuwa na mchezaji mmoja hodari sana wa frikiki, na wao wakauziba mpira mishono kwa nta wakaupaka rangi, na yule maskini akapiga mara mbili, vizuri kabisa, na mpira ukamkataa. Mwalimu alishuku jioni ileile baada ya mechi, alipoupapasa tena. Kesho yake akaupiga mwenyewe, ukapinda nje. Akakwangua rangi na nta yote kwa kisu, akaupiga tena, ukapinda ndani. Darasa zima lilicheka kwa sababu mwalimu alionyesha jinsi yule mchezaji alivyosimama na mikono kiunoni.

Kesho yake. Kamati ilikaa wiki iliyofuata. Nilipiga hesabu hiyo usiku kucha, nayo haikubadilika. Alipotazama mikono yake pale ofisini, ilikuwa ni mikono iliyokwishakwangua rangi. Nilikuwa na furaha pia, sitaficha, furaha kali iliyofanya niamke na kukaa kitandani, kwamba mguu wangu haukunisaliti. Lakini furaha hiyo ilikuwa na ladha ya shubiri, kwa sababu niliipata kwa mtoto wa shule, kati ya samaki na ugali, na aliyenipa hakujua amenipa.

Siku ya pili nilifunga kibanda mapema nikaendesha baiskeli hadi kwenye ile shule, nikasimama getini hadi walimu wakaanza kutoka. Alikuwa amezeeka, ameshika mkoba ubavuni. Alinijua mara moja. Uso wake ulifunguka, na hilo lilinikasirisha kuliko kama angekimbia. Akanishika mkono kwa mikono miwili na kuniita kijana wangu.

Nikamuuliza ni kwa nini hakusema.

Hakujifanya haelewi, nitampa hiyo heshima. Alisema ni yeye aliyeagiza mishono izibwe, mwalimu wa fizikia, mbele ya mji ule, na mwenyekiti ndiye aliyetoa rangi, na watu walikuwa wameshaamua. Alisema yule mgeni alikuwa ameshaondoka, kwa hiyo kazi ilikuwa imeshapotea hata angesema. Alisema alidhani maneno yatapoa. Nilimsikiliza huku watoto wakitupita na kumsalimia, mwalimu, mwalimu, na yeye akiwaitikia katikati ya sentensi.

Nikamwambia kwamba mama alikufa akiamini niliuza mechi.

Alihamishia mkoba ubavu wa pili. Kisha akasema, kwa upole, kama mtu anayemtolea mwenzake kitu alichomtunzia, "Lakini mimi kila mwaka nawafundisha, kijana wangu. Kila darasa nililoshika tangu wakati huo linajua kwamba yule mchezaji hakukosea."

"Wanajua ni nani?"

"Hapana," akasema. "Hilo sijawahi kuwaambia. Sikutaka kukuaibisha."